Walker na Avant, Rodgers au njia ya mseto: uchague ipi kuchambua dhana ya uuguzi?

Ukiwa mwanafunzi wa shahada ya uuguzi hapa Tanga, mchana darasani na usiku zamu wodini, kazi ya uchambuzi wa dhana hukufikia ikiwa sentensi moja tu kwenye karatasi ya kozi: chagua dhana moja ya uuguzi, uichambue kwa njia inayotambulika. Dhana yenyewe huwa haisumbui. Wengi huchukua ustahimilivu, wengine kujali, wachache matumaini au heshima ya mgonjwa. Wanakokwama ni kwenye yale maneno mawili ya mwisho, "njia inayotambulika", kwa sababu njia ni nyingi na kila andiko wanalolifungua linaisifu ya kwake.

Nitalinganisha tatu ambazo wanafunzi wetu huzikuta mara kwa mara. Ya kwanza ni ya Lorraine Walker na Kay Avant, ambao kitabu chao kilitoka mara ya kwanza mwaka 1983 wakiwa wamefupisha hatua za mwanafalsafa John Wilson za mwaka 1963. Ya pili ni ya Beth Rodgers, aliyoitoa mwaka 1989. Ya tatu ni ya mseto, ya Donna Schwartz-Barcott na Hesook Suzie Kim, iliyotoka mwaka 1986. Zote tatu zinakubalika kwenye majarida ya uuguzi, kwa hiyo hakuna itakayokufelisha kwa jina lake. Utafelishwa na kuchagua njia ambayo data zake huwezi kuzifikia.

Ili ulinganisho usielee hewani nitatumia mfano mmoja kote: ustahimilivu wa mkunga wa wodi ya wazazi. Kujali nitakugusa pale tu kunapotofautiana.

Kazi yenyewe inadai nini

Uchambuzi wa dhana si muhtasari wa maandiko. Mwisho wa kurasa zako msomaji anatakiwa aondoke na vitu vinne: sifa bainifu, yaani zile ambazo zikikosekana dhana haipo, vitangulizi, yaani yale ambayo sharti yawepo kabla, matokeo, yaani yanayofuata baadaye, na fasili inayoweza kutumika kazini. Wengi huchanganya vitatu vya kwanza. Kifo cha mama wodini ni kitangulizi cha ustahimilivu, maana bila tikisiko hakuna cha kustahimili. Mkunga kuendelea na kazi kwa kiwango kinachokubalika ni sifa. Kubaki kwake katika taaluma miaka mingi baadaye ni matokeo. Nikipokea rasimu, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni ule wa vitu hivi vitatu, na mara nyingi nakuta neno moja, tuseme "msaada wa wenzake", limekaa sehemu zote tatu bila maelezo.

Vigezo nitakavyotumia

Kwa kila njia nitauliza mambo manne yaleyale. Inajibu swali la namna gani? Data zake zinatoka wapi? Inakula muda kiasi gani, na inahitaji kibali? Inavunjikia wapi, na utajuaje kwamba imevunjika? Kisha nitasema inamfaa nani. Kigezo cha nne ndicho ninachokipa uzito mkubwa, kwa sababu kila njia ina mahali pamoja ambapo inaweza kukuonyesha kwamba ulikosea. Usipoweza kufika mahali hapo, njia hiyo haitakusaidia hata hatua zake ziwe rahisi vipi.

Walker na Avant

Swali inalojibu ni hili: dhana hii ni nini, na inatofautianaje na jirani zake? Inachukulia kwamba dhana ina kiini unachoweza kukiainisha. Hatua ni nane. Unachagua dhana, unaeleza lengo la kuichambua, unakusanya matumizi yake yote, unaainisha sifa bainifu, unatunga kisa kielelezo chenye sifa zote, unatunga visa vingine vya kupimia (cha mpakani, cha dhana jirani, cha kinyume), unabainisha vitangulizi na matokeo, kisha unataja viashiria vya kupimika. Waandishi wenyewe wanasema hatua hizi si ngazi ya kupanda mara moja. Unarudi nyuma kila kisa kinapokupinga. Wanafunzi wengi hawarudi.

Data zinatoka kwenye kamusi, maandiko na visa unavyovitunga mwenyewe. Hatua ya tatu inakutaka utoke nje ya uuguzi. Kwa ustahimilivu utakutana na wahandisi wanaozungumzia chuma kinachorudi umbo baada ya kukunjwa, mwanaikolojia Holling aliyeandika mwaka 1973 kuhusu mifumo ya viumbe inavyohimili misukosuko, na Emmy Werner aliyefuatilia watoto waliozaliwa kisiwa cha Kauai mwaka 1955. Hakuna idadi ya maandiko iliyowekwa. Kibali hakihitajiki, na kazi inaweza kumalizika ndani ya muhula wa mtu aliye zamuni.

Sasa tuifanye hasa. Tuseme baada ya kusoma umebaki na sifa tatu: mkunga anaendelea kufanya kazi kwa kiwango kinachokubalika, anabadili namna yake ya kufanya kazi kulingana na yaliyotokea, na anaikiri athari ya tukio kwake bila kuificha. Kisa kielelezo cha kutunga kinaweza kwenda hivi. Usiku mmoja mama anajifungua salama, kisha anatokwa damu nyingi. Mkunga anampa oksitosini, anasugua mji wa mimba, anamwita daktari, na mama anakimbizwa upasuaji, lakini anafariki kabla ya alfajiri. Mkunga anakamilisha kumbukumbu na anakaa na ndugu wa marehemu. Asubuhi anamwambia matroni, "Mama, zamu mbili hizi naomba nikae kliniki, leo siwezi kuingia chumba cha uzazi." Kwenye kikao cha kujadili kifo anaeleza alichoona, na anaomba vifaa vya dharura ya kutokwa damu vihamishwe kutoka kabatini na kuwekwa karibu na vitanda. Wiki inayofuata anarudi zamu ya usiku. Sifa zote tatu zinaonekana kwa vitendo, na huhitaji kuzitaja kwa majina ndani ya kisa.

Kisa cha mpakani: mkunga mwingine anarudi usiku uleule unaofuata, anafanya kila kitu kwa mwongozo, lakini hataki tukio litajwe, na kila mama anayeanza kutokwa damu anamkabidhi mwenzake. Kazi inaendelea na mtindo umebadilika, ila ile sifa ya tatu haipo. Kisa cha dhana jirani: mkunga anabaki wodini akisubiri uhamisho, anabana meno, habadilishi chochote. Huo ni uvumilivu. Kisa cha kinyume: mkunga anaanza kukosea dozi, halali, kisha anaacha kuja kazini.

Hapo ndipo njia hii inapoanza kulipa. Chukua ule "msaada wa wenzake" unaozurura. Mary Earvolino-Ramirez alipochambua ustahimilivu kwa njia hii mwaka 2007, aliuweka uhusiano na msaada wa watu miongoni mwa sifa, pamoja na mambo kama kunyumbulika, ucheshi na kujiamini. Je, na wewe uuweke hapo? Tunga kisa cha mkunga aliye peke yake kwenye zahanati ya kijijini huko Pangani, ambaye baada ya kifo kama kile hakuwa na mwenzake wa kumsemesha, lakini alirudi kazini, akabadili mpangilio wa chumba chake, na kwenye daftari lake la ripoti akaandika wazi kwamba tukio lile limemtikisa. Ukisema huyu ni mstahimilivu, basi msaada umetoka kwenye sifa na umekuwa jambo linalosaidia tu, wala si kitangulizi, maana si la lazima. Ukisema hapana, bila watu hakuna ustahimilivu, ubakishe msaada kwenye sifa na uutetee kwa maandiko. Majibu yote mawili yanaweza kupata alama nzuri. Kinachopoteza alama ni kutolikuta swali lenyewe.

Inavunjika pale visa vinapotungwa ili vikubaliane nawe. Utajuaje? Kuna vipimo viwili vya bei rahisi. Kwanza, mpe mwenzako asome kisa kielelezo bila orodha ya sifa, umuulize ni dhana gani hii. Akijibu "ujasiri" au "uvumilivu", sifa zako hazijatenganisha kitu. Pili, kwenye rasimu yako badilisha kila "ustahimilivu" uwe "ujasiri" kisha usome tena. Ikisomeka vizuri vilevile, umeandika kuhusu wema kwa jumla.

Hatua ya nane nayo huvunjika, kimyakimya. Wanafunzi hutaja kipimo cha Connor na Davidson cha mwaka 2003, chenye vipengele 25 na alama kutoka 0 hadi 100, halafu wanafunga ukurasa. Kipimo hicho kilijengwa juu ya uelewa wa wenyewe wa ustahimilivu, si wa sifa zako tatu. Chukua kila sifa uiulize: nikisimama wodini, nitaona au nitasikia nini? Kwa sifa ya tatu, kwa mfano, ni mkunga kuzungumza kwenye kikao au kuomba nafuu ya zamu. Kisha ndipo useme ni vipengele gani vya kipimo vinagusa sifa ipi, na sifa ipi haijaguswa kabisa.

Lipo pia lawama la ndani zaidi. Mark Risjord aliandika mwaka 2009 kwamba dhana haiwezi kuchambuliwa ikiwa imetengwa na nadharia inayoipa maana. Kwa kazi ya kozi huhitaji kulimaliza jambo hilo, lakini kwenye hatua ya pili sema unachambua kwa matumizi gani. Ustahimilivu unaochambuliwa ili kupanga mafunzo ya wakunga hautakuwa sawa na ule wa mgonjwa wa kisukari.

Inamfaa mwenye dhana ambayo mipaka yake na majirani inamsumbua, mwenye uzoefu wa wodini wa kutosha kutunga visa vyenye uhai, na asiye na muda wa vibali. Kwa kujali njia hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Janice Morse na wenzake mwaka 1990 walikuta kwamba wanataaluma wa uuguzi wanakuelewa kujali kwa mielekeo mitano: tabia ya binadamu, wajibu wa kimaadili, hisia, uhusiano kati ya watu, na tendo la tiba. Ukianza kutafuta kiini kimoja katikati ya hiyo mitano, kuna hatari utoke na fasili pana isiyokataa kitu.

Rodgers

Swali lake ni tofauti: watu wanaitumiaje dhana hii, katika muktadha gani, na imebadilikaje? Kwake dhana haina kiini kilichokaa tuli. Inapata umuhimu, inatumiwa, inabadilika kadiri inavyotumiwa. Kwa hiyo unatafuta mpangilio uliomo ndani ya maandiko, na unajizuia kuuamua mapema.

Data ni maandiko, lakini hapa yanachukuliwa kama sampuli. Rodgers alipendekeza uchukue angalau maandiko 30 kutoka kila taaluma, au asilimia 20 ya yote yaliyopatikana, kile kilicho kikubwa. Tuseme kwenye PubMed umeandika hivi:

```
resilience[ti] AND nurs*[tiab]
```

na baada ya kuweka mipaka ya miaka na lugha ukabaki na maandiko 600 ya uuguzi. Asilimia 20 ni 120, na kwa kuwa 120 ni zaidi ya 30, unachukua 120. Upande wa saikolojia, kwenye hifadhi nyingine, tuseme umepata 100. Asilimia 20 ni 20 tu, kwa hiyo unachukua 30. Unayapa namba na kuchagua bila upendeleo. Kila andiko linaingia kwenye jedwali lenye safu za mwaka, taaluma, maneno mbadala, sifa, vitangulizi, matokeo na muktadha. Uchambuzi wa jumla unausubirisha hadi ukusanyaji uishe, ili ulichokiona kwenye andiko la tano kisikuongoze kusoma la hamsini. Mwisho unatoa kisa halisi kinachoonyesha dhana ikiwa kazini, na si cha kutunga. Kisipopatikana, unasema hakikupatikana.

Muda ndio bei yake. Maandiko 30 kwa dakika 40 kila moja ni saa 20. Hayo 150 ya mfano wetu ni saa 100, kabla hujaandika sentensi hata moja. Kwa kazi ya kozi wakufunzi wengi hukubali taaluma moja na kipindi kifupi, mradi useme wazi umepunguza wapi. Kibali hakihitajiki.

Faida yake inaonekana pale dhana ina safari. Kwa ustahimilivu, panga jedwali lako kwa miaka, na kuna mambo mawili utaanza kuyaona. Maandiko ya zamani ya saikolojia ya watoto yaliegemea sifa za mtoto mwenyewe, huku Luthar, Cicchetti na Becker mwaka 2000 wakisisitiza kwamba ustahimilivu ni mchakato na haupaswi kuchukuliwa kama tabia ya mtu. Kwa muuguzi wa Tanga hilo si la vitabuni tu. Ikiwa ustahimilivu ni tabia, aliyeanguka baada ya kifo cha mama anaonekana ana upungufu. Ikiwa ni mchakato, swali linahamia kwenye zamu, idadi ya wakunga na vifaa. Uchambuzi wa Rodgers unaweza kuonyesha lini na kwa akina nani maana ilihama. Kwa Walker na Avant ungeweza kulitaja jambo hilo, lakini usingekuwa na data za kulithibitisha.

Kwa kujali njia hii inakaa vizuri zaidi. Brilowski na Wendler waliitumia mwaka 2005 na wakatoa sifa tano: uhusiano, tendo, mtazamo, kukubali, na kubadilikabadilika kwa kujali kulingana na mtu na hali. Hiyo ya tano ni aina ya sifa ambayo mtafuta kiini kimoja angeichukulia kama kasoro ya kusafishwa.

Inavunjikia kwenye sampuli, na hapa kwetu inavunjika kwa namna ya pekee. Mwanafunzi hutafuta, kisha anabakiza yale yanayofunguka bure. Yanayofunguka bure aghalabu ni ya miaka ya karibuni, na hapo ule uchambuzi wa mabadiliko kwa wakati unakufa, kwa sababu huna maandiko ya zamani ya kulinganisha. Kipimo ni rahisi: angalia safu ya mwaka kwenye jedwali lako. Kama karibu yote ni ya miaka kumi iliyopita na hukuweka mpaka huo kwa makusudi, umechukua sampuli ya milango iliyo wazi. Kabla hujakata tamaa, muulize mkutubi wa chuo kama taasisi imesajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. Nywila huwa ni ya taasisi, na imewahi kukaa kwenye karatasi ndani ya droo ya maktaba bila wanafunzi kujua ipo.

Inavunjika pia pale jedwali linapogeuka orodha: sifa 22, kila moja na andiko lake. Hizo ni nukuu zilizopangwa. Rudi uziunganishe hadi ubaki na makundi machache yanayosimama.

Inamfaa mwenye dhana inayozozaniwa au iliyobadilika, mwenye mtandao unaotegemewa, na anayepanga kuitumia kazi hii kama sura ya maandiko kwenye utafiti mkubwa wa baadaye.

Njia ya mseto

Hii inauliza: wanachosema wasomi kuhusu dhana hii, na kinachoonekana wodini, vinakutana wapi na vinaachana wapi? Ina awamu tatu. Awamu ya nadharia inakupa fasili ya kufanyia kazi kutoka kwenye maandiko. Awamu ya uwandani inakupeleka kwa watu wachache kwa mahojiano ya kina na uangalizi. Awamu ya mwisho inaweka viwili hivyo kwenye mizani na kuandika upya fasili.

Tuseme kutoka kwenye maandiko umebeba fasili inayosema ustahimilivu ni kurudi katika hali ya awali baada ya tikisiko. Unakaa na mkunga chumba cha chai baada ya makabidhiano ya zamu. Usimuulize kama yeye ni mstahimilivu. Atakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Mwambie, "Sista, nieleze zamu moja ambayo ulidhani hutarudi tena." Halafu nyamaza. Kama atakueleza kwamba tangu siku ile, hata zile saa mbili za kumwangalia mzazi kila dakika 15 zikipita, yeye bado anarudi kitandani kushika mji wa mimba na kuangalia damu, basi hajarudi hali ya awali. Amekuwa mkunga wa namna nyingine. Neno "kurudi" kwenye fasili yako lina kesi ya kujibu, na maandiko peke yake huenda yasingeifungua.

Muda na vibali ndivyo vinavyowakwamisha wengi. Unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, barua ya kukubaliwa na mganga mfawidhi wa hospitali, na ridhaa ya kila unayemhoji. Barua inaweza kukaa mezani kuliko mahojiano yenyewe yatakavyochukua. Omba kabla hujaanza awamu ya nadharia, wala usihoji mtu "kwa mazungumzo tu" ukitumaini kibali kitafuata.

Kisha kuna suala la nani unamhoji. Ukiwa wewe ndiye kiongozi wa zamu, mkunga aliye chini yako hana uhuru wa kukataa, hata akisaini. Omba wodi nyingine. Na kuficha jina hakutoshi kwenye mji kama huu. Ukiandika "mkunga mwenye umri mkubwa wa zamu ya usiku katika kituo kimoja cha afya Pangani", wasomaji wa Pangani wameshamjua. Ondoa kituo, umri na tarehe, ubakize tukio. Tahadhari hiyohiyo inakuhusu hata kwa Walker na Avant ukitunga kisa kwa kuazima jambo la kweli.

Inavunjika pale uwanja unapogeuka muhuri wa kupitisha maandiko. Weka fasili ya awamu ya kwanza na ile ya mwisho kwenye ukurasa mmoja. Zikiwa neno kwa neno, ama ulihoji kwa maswali yaliyobeba majibu, ama uliona tofauti ukaipuuza. Kosa la upande wa pili ni kuwasikiliza watu watatu wa wodi moja na kutangaza fasili ya ustahimilivu wa wauguzi wote. Mahojiano machache yana nguvu ya kuitikisa fasili, lakini hayatoshi kuiweka mpya kwa ajili ya kila mtu.

Inamfaa mwanafunzi wa uzamili, au wa shahada mwenye miezi mbele yake, anayehisi kwamba maandiko ya dhana yake yameandikwa mbali na wodi anayoifahamu. Kwa kujali ni njia tajiri sana, hasa ukiongeza uangalizi, kwa sababu kujali huonekana zaidi mikononi kuliko kunavyosikika kwenye mahojiano: nani anamfunika mama kanga kabla ya kumpima, nani anaondoka bila kumweleza majibu.

Kwa hali yako

Kazi ni ya muhula mmoja, uko zamuni, na mkufunzi ameandika kurasa 15: Walker na Avant watakutosha, mradi nusu ya muda uipe hatua ya nne hadi ya sita. Wengi huimalizia yote kwenye hatua ya tatu, kukusanya matumizi, kisha visa vinaandikwa usiku wa mwisho.

Umechagua kujali, heshima au dhana nyingine ambayo kila mwandishi ana ya kwake: nenda kwa Rodgers, hata kwa sampuli iliyopunguzwa ya taaluma moja. Andika kwa nini umepunguza na umepoteza nini.

Unaandaa pendekezo la utafiti wa uzamili na unataka kutumia kipimo cha ustahimilivu kwa wakunga wa mkoa huu: mseto utakuonyesha kama kipimo kinagusa wanachokiishi, kabla hujasambaza dodoso. Kama vibali havitapatikana kwa wakati, Walker na Avant wenye hatua ya nane iliyofanywa kwa uaminifu watakufikisha karibu.

Mtandao ni wa kubahatisha na Hinari haipatikani: usimchague Rodgers kwa sababu tu jina linasikika la kisasa. Maandiko machache yaliyosomwa vizuri yanabeba uchambuzi wa Walker na Avant. Hayabebi uchambuzi wa mabadiliko kwa miaka.

Mkufunzi wako ana njia anayoipendelea: muulize mapema, na umuulize pia kama anataka visa. Wapo wanaomkubali Rodgers kwa jina lakini wakisahihisha wanatafuta kisa cha mpakani, ambacho Rodgers hakukiweka.

Na kama umeshaanza na Walker na Avant, ukafika hatua ya nne ukiwa na mafungu mawili ya sifa yanayopingana kutegemea mwaka wa andiko, hujaharibu. Hamia Rodgers, tumia maandiko uliyonayo kama mwanzo wa sampuli, na kwenye sehemu ya mbinu ueleze umehama kwa sababu gani. Visa ulivyokwisha kutunga viweke pembeni, kwa kuwa kwenye njia ya Rodgers havina mahali pa kukaa.